mg/dL au mmol/L: Njia za Kugeuza Vipimo vya Sukari ya Damu na Mahali Kila Moja Inapofaa

Mgonjwa wa kisukari aliyetibiwa Chennai au Mumbai anarudi Dar es Salaam na karatasi iliyoandikwa kwamba sukari yake kabla ya kula ilikuwa 145, na wiki moja baadaye kliniki ya mtaani kwake inampima na kumwandikia 8.1. Hakuna kilichobadilika mwilini mwake. Maabara za India, kama zile za Marekani, huandika sukari kwa miligramu kwa desilita, yaani mg/dL, ilhali kliniki nyingi za Tanzania na Kenya, kama zile za Uingereza, Kanada na Australia, huandika kwa milimoli kwa lita, yaani mmol/L. Hali ni ileile kwa ndugu anayeishi Ohio anayempigia simu mama yake Mombasa na kuulizana sukari ya asubuhi: kila mmoja anataja namba ya kweli, na hakuna anayemwelewa mwenzake.

Makala haya yanalinganisha kwanza vizio hivyo viwili, kisha yanalinganisha njia za kutoka kimoja hadi kingine. Swali la kwanza ni kizio gani mtu akiweke kwenye mashine na daftari lake. La pili, ambalo ndilo lenye mitego, ni njia gani ya kugeuza inafaa kwa mazungumzo tu, na ipi inafaa pale namba inapokaa karibu na mpaka wa kuamua kama mtu ana kisukari au hana.

Vizio viwili, damu moja

Kizio cha mg/dL hupima uzito. Namba 126 inasema kwamba ndani ya desilita moja ya damu, ambayo ni mililita 100, kuna miligramu 126 za glukosi. Kizio cha mmol/L hakipimi uzito bali kinahesabu molekuli: namba 7.0 inasema kwamba katika lita moja kuna milimoli saba za glukosi, na moli ni idadi maalumu ya molekuli ambayo wanakemia hukubaliana kuitumia kwa dutu zote. Kizio hiki cha pili ndicho kinachofuata mfumo wa kimataifa wa vipimo, ambao Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipendekeza utumike katika tiba mwaka 1977. Nchi nyingi ziliufuata, nyingine zikabaki na uzito, na ndiyo maana hadi leo mashine za kupimia sukari hutengenezwa kwa namna mbili.

Kiungo kati ya vizio hivi ni uzito wa molekuli yenyewe. Glukosi ina atomi 6 za kaboni, 12 za haidrojeni na 6 za oksijeni. Ukijumlisha uzito wa atomi hizo unapata 180.156, kwa hiyo moli moja ya glukosi ina gramu 180.156, na milimoli moja ina miligramu 180.156. Milimoli moja katika lita ni sawa na miligramu 180.156 katika lita, na kwa kuwa desilita ni sehemu ya kumi ya lita, namba hiyo inagawanywa kwa kumi na kuwa 18.0156. Hapo ndipo linapotoka lile 18 linalotajwa kila mahali. Ni kemia ya glukosi peke yake, wala si kanuni ya damu kwa ujumla. Kolesteroli ina molekuli nzito zaidi na kizidisho chake ni takriban 38.67, kwa hiyo anayegawanya kolesteroli yake kwa 18 anapata namba isiyo na maana yoyote.

Katika kuvilinganisha, mg/dL ina faida moja ambayo watu huisahau: husomwa kama namba kamili, bila nukta, na hatua yake moja ni ndogo kuliko hatua moja ya mmol/L. Mashine ya mmol/L huonyesha desimali moja tu, na kila 0.1 ni sawa na mg/dL 1.8. Kwa upande wa mmol/L, namba ni fupi na rahisi kukumbuka. Aliyezoea kusikia "saba nukta mbili" hana haja ya namba za mamia, na dutu nyingine katika karatasi ya maabara, kama potasiamu na sodiamu, tayari zimeandikwa kwa mmol/L.

Udhaifu mkubwa wa mmol/L ni nukta yenyewe. Kwenye kioo kidogo cha mashine, kwa mtu mzima ambaye macho yamepungua nguvu, 11.5 inaweza kusomwa 115. Aliyezoea mg/dL akiona 115 anaridhika, kwa sababu baada ya kula hiyo ni sukari nzuri, lakini 11.5 ya kweli ni takriban 207. Kosa hili daima linavuta upande mmoja: kuikosa nukta ni kuzidisha kwa 10 pale ambapo ilipasa kuzidisha kwa 18, kwa hiyo sukari iliyopanda huonekana kama iko sawa. Hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2005 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha watumiaji wa mashine fulani ambazo zingeweza kuhama kutoka mg/dL hadi mmol/L wakati mtu anaweka saa na tarehe, au mashine inapodondoka. Mashine nyingi za sasa zimefungwa kwenye kizio kimoja tangu kiwandani, na hilo ni jambo jema hata kama linamuudhi anayehama nchi.

Kwa hiyo katika uchaguzi wa kwanza, ushauri wangu ni mfupi: nunua mashine ya kizio kinachotumiwa na kliniki inayokuhudumia, si ya nchi uliyozaliwa wala ya nchi inakotoka zawadi. Anayehudhuria kliniki Arusha na ameletewa mashine ya mg/dL kutoka Marekani hana ulazima wa kuitupa, ila aandike neno mg/dL juu ya kila ukurasa wa daftari lake, na aandike namba kama mashine ilivyoitoa. Kugeuza kufanywe wakati wa kumsomea daktari, pembeni, na namba ya asili ibaki. Sababu ya kusisitiza hivyo itaonekana tukifika kwenye desimali.

Njia ya kichwani: 18

Njia ya kwanza, na inayotosha kwa sehemu kubwa ya maisha, ni kuzidisha mmol/L kwa 18 ili kupata mg/dL, au kugawanya mg/dL kwa 18 ili kupata mmol/L. Tuichukue 7.4. Kuzidisha kwa 18 kichwani ni rahisi ukianza na mara mbili: 7.4 mara mbili ni 14.8, sogeza nukta nafasi moja upate 148, kisha toa ile 14.8 ya mwanzo. Jibu ni 133.2, nasi tunaandika 133. Hakuna ukadiriaji wowote katika hatua hizo, kwa kuwa 18 ni 20 kutoa 2.

Kurudi nyuma ndiko kunakowashinda wengi, kwa sababu watu hawapendi kugawanya kwa 18. Njia nyepesi ni kuchukua nusu, kisha kugawanya kwa 9. Chukua 216: nusu yake ni 108, na 108 ukigawanya kwa 9 unapata 12.0. Namba isipogawanyika vizuri kuna hila moja ya hesabu inayosaidia: sehemu ya tisa ya namba yoyote inakaribia sana jumla ya sehemu yake ya kumi, ya mia na ya elfu. Kwa 145, nusu ni 72.5. Sehemu ya kumi ni 7.25, ya mia ni 0.725, ya elfu ni 0.07 na kidogo. Ukizijumlisha unapata 8.05, na kikokotoo kikigawanya 145 kwa 18 kinasema 8.056.

Kwa mazungumzo ya simu hata hilo ni refu mno. Hapo inatosha kushika ngazi ya 90: 5 ni 90, 10 ni 180, 15 ni 270, 20 ni 360. Mama akisema "leo kumi na tatu", aliye Ohio anajua iko kati ya 180 na 270, karibu zaidi na 270, na anaelewa kwamba imepanda. Ukweli ni 234. Kwa kusudi la kujua kama kuna la kushtukia, ngazi hiyo inatosha.

Njia ya kamili: 18.0156

Njia ya pili ni kutumia kizidisho kamili, 18.0156, au kinyume chake kwa kuzidisha, ambacho ni 0.0555. Tofauti kati ya 18 na 18.0156 haifiki hata sehemu moja katika elfu. Mashine za nyumbani, kwa kulinganisha, zinaruhusiwa kukosea zaidi ya hapo mara nyingi: kiwango cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinataka matokeo 95 katika kila 100 yawe ndani ya mg/dL 15 juu au chini ya thamani ya maabara sukari inapokuwa chini ya 100, na ndani ya asilimia 15 inapokuwa 100 au zaidi. Yaani sukari ya kweli ya 200 inaweza kusomwa 175 au 225 na mashine ikahesabiwa kuwa nzuri. Mbele ya upana huo, anayebishana juu ya 18 au 18.0156 kwa namba ya mashine ya nyumbani anapoteza muda wake.

Hoja hubadilika pale namba inapotoka maabara na kukaa jirani na mpaka wa utambuzi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mtu ana kisukari ikiwa sukari ya plazima kabla ya kula ni 7.0 mmol/L au zaidi, sawa na 126 mg/dL, au ikiwa saa mbili baada ya kunywa glukosi gramu 75 ni 11.1 au zaidi, sawa na 200. Sasa tuseme maabara ya India imeandika 199 kwa kipimo cha saa mbili. Kwa kizio chake mwenyewe iko chini ya mpaka, kwa pointi moja. Gawanya kwa 18: unapata 11.056, na ukiikadiria hadi desimali moja inakuwa 11.1, na mtu ameingia kwenye kisukari kwa kalamu tu. Gawanya kwa 18.0156: unapata 11.046, na ukadiriaji unaipeleka 11.0, chini ya mpaka kama ilivyokuwa. Sehemu moja katika elfu, ambayo muda mfupi uliopita nilisema haina maana, hapa imebadili upande.

Usidhani basi kwamba kizidisho kamili ni kinga. Kwa mama mjamzito, mpaka wa kisukari cha mimba kabla ya kula ni 5.1 mmol/L, na kwa kizio kingine ni 92 mg/dL. Matokeo yake yakiwa 91, kugawanya kwa 18 kunatoa 5.056, na kugawanya kwa 18.0156 kunatoa 5.051. Zote mbili zikikadiriwa zinakuwa 5.1, na mama ambaye kwa karatasi yake ya asili hakufikia mpaka anaonekana ameufikia. Hali ni hiyohiyo kwa 109, ambayo iko chini ya 110, mpaka ambao Shirika la Afya Duniani linautumia kwa sukari iliyoanza kupanda kabla ya kula: kwa njia zote mbili inageuka 6.1, na 6.1 ndiyo huo mpaka.

Chanzo cha tatizo si 18, ni desimali moja. Mipaka ya vizio viwili ilikadiriwa kila mmoja kwa upande wake ili iwe namba nzuri za kukumbuka, na haikai juu ya mwenzake sawasawa. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni hii: namba ya maabara ilinganishwe na mpaka ulioandikwa kwa kizio chake yenyewe, kisha ndipo igeuzwe kwa ajili ya kumbukumbu. 199 ilinganishwe na 200, na 91 ilinganishwe na 92. Anayepokea namba iliyokwisha kugeuzwa na kuikuta juu ya mpaka hasa, aombe karatasi ya kwanza kabla ya kusema lolote. Hata hivyo, mtu asiye na dalili hapewi jina la mgonjwa wa kisukari kwa kipimo kimoja. Hurudiwa siku nyingine, na hilo huokoa watu wengi kutoka kwenye makosa ya aina hii.

Kuna kizidisho cha tatu kinachozunguka, 0.055, na huyu ndiye wa kuepukwa. Kinafanana na 0.0555, lakini kukosa hiyo 5 ya mwisho kunapunguza jibu kwa karibu asilimia moja. 200 mara 0.055 ni 11.0, yaani matokeo yaliyofikia mpaka yanashushwa chini yake. Kwa 300 kinatoa 16.5 ilhali jibu sahihi ni 16.7. Ukikuta karatasi ya kliniki yenye 0.055, ongeza ile 5 kwa kalamu.

Njia ya jedwali

Njia ya tatu ni jedwali lililobandikwa ukutani au ndani ya jalada la daftari. Uzuri wake ni kwamba halihitaji hesabu wala umeme, na mtu anayesoma kwa shida anaweza kuoneshwa mstari wake. Ubaya wake ni mapengo: namba yako mara nyingi iko katikati ya mistari miwili. Mimi hupendelea jedwali fupi lenye namba za maamuzi tu kuliko lile refu la kuanzia 20 hadi 600 ambalo jicho linateleza mstari.

| mg/dL | mmol/L | Ni namba ya nini |
|---|---|---|
| 54 | 3.0 | Sukari imeshuka kiasi cha hatari |
| 70 | 3.9 | Chini ya hapa sukari imeshuka |
| 80 hadi 130 | 4.4 hadi 7.2 | Lengo la kabla ya kula kwa wagonjwa wengi watu wazima, kwa mwongozo wa Chama cha Kisukari cha Marekani |
| 126 | 7.0 | Mpaka wa utambuzi, kabla ya kula |
| 180 | 10.0 | Lengo la juu baada ya kula, kwa mwongozo huohuo |
| 200 | 11.1 | Mpaka wa utambuzi, saa mbili baada ya glukosi |
| 600 | 33.3 | Zaidi ya hapa mashine nyingi huandika HI |

Njia ya lahajedwali

Anayetunza daftari la wagonjwa wengi, au vipimo vyake mwenyewe vya miezi kadhaa, hana sababu ya kufanya hesabu kwa mkono. Safu ya A ikiwa na mg/dL, fomyula ni hii:

```
=ROUND(A2/18.0156,1)
```

Na kwa kurudi kutoka mmol/L:

```
=ROUND(A2*18.0156,0)
```

Jambo moja la kuangalia ni kutogeuza mara mbili. Chukua 127. Fomyula ya kwanza inatoa 7.0, ukiiingiza hiyo 7.0 kwenye fomyula ya pili unapata 126. Aliyetumia 18 kwa safari zote mbili anapata 7.1 kwanza, kisha 128. Mtu mmoja, tone moja la damu, namba tatu. Ndiyo sababu nilisisitiza namba ya mashine ibaki kwenye safu yake bila kuguswa, na geuzo liwe kwenye safu ya pili.

Tatizo gumu zaidi ni safu iliyochanganya vizio, hali inayotokea familia inapotumia mashine mbili. Wengi hutenganisha kwa ukubwa wa namba, wakisema iliyo chini ya 35 ni mmol/L na iliyo juu ni mg/dL. Hilo ni sahihi karibu kila mara, isipokuwa kwenye kipande kimoja ambacho ndicho cha hatari kuliko vyote. Mashine nyingi za mg/dL husoma kuanzia 20, zikiandika LO chini ya hapo, na mashine nyingi za mmol/L husoma hadi 33.3. Kati ya 20 na 33 namba inaweza kuwa ya upande wowote. 24 ya mg/dL ni 1.3 mmol/L, mtu anayekaribia kuzimia kwa sukari kushuka; 24 ya mmol/L ni 432 mg/dL, mtu ambaye sukari yake imepanda vibaya. Mmoja anahitaji sukari mara moja, na kwa mwingine sukari ni kumzidishia. Lahajedwali haiwezi kuwatofautisha. Dalili inayosaidia ni desimali, kwa sababu mashine ya mmol/L huandika 24.0 na ile ya mg/dL huandika 24, lakini lahajedwali hufuta sifuri ya mwisho usipoiambia iiache. Namba za kipande hicho zitazamwe na mtu, kwa kurudi kwenye kumbukumbu ya mashine.

Daftari moja hatua kwa hatua

Turudi kwa mgonjwa wetu wa Chennai. Daftari lake lina asubuhi tano kabla ya kula, zote kwa mg/dL: 138, 152, 121, 167 na 145. Daktari wa India alimwekea lengo la 80 hadi 130. Kliniki ya Dar es Salaam inataka kuona mmol/L.

Kwanza lengo lenyewe linageuzwa, kwa sababu namba bila lengo lake haisemi kitu: 80 inakuwa 4.4 na 130 inakuwa 7.2. Kisha vipimo kwa kugawanya kwa 18: 138 inakuwa 7.7, 152 inakuwa 8.4, 121 inakuwa 6.7, 167 inakuwa 9.3, na 145 inakuwa 8.1. Ukitumia 18.0156 nne za kwanza hazibadiliki, ila 145 inakuwa 8.0 badala ya 8.1. Tofauti hiyo ya 0.1 iko mbali na mpaka wowote na ni ndogo mno mbele ya kosa la kawaida la mashine, kwa hiyo iachwe.

Wastani una njia mbili, na moja ni bora. Ukijumlisha namba za asili unapata 723, wastani wake ni 144.6, na ukiugawanya kwa 18 unapata 8.03, yaani 8.0. Ukijumlisha zile zilizokwisha kugeuzwa unapata 40.2, wastani 8.04. Hapa zimekubaliana, lakini katika njia ya pili kila namba imebeba kosa lake dogo la ukadiriaji, kwa hiyo tafuta wastani kwanza, ugeuze mwisho. Daktari sasa anaona kwa jicho moja kwamba ni asubuhi moja tu kati ya tano iliyoingia ndani ya lengo.

Tofauti kati ya vipimo viwili nayo hugeuzwa kwa 18 ileile, maana sifuri ya vizio vyote ni moja, tofauti na nyuzi za joto. Hilo lina uzito kwa wanaochoma insulini. Tuseme daktari amemwandikia mgonjwa kwamba yuniti moja ya insulini ya haraka humshushia 50 mg/dL, na lengo lake ni 120. Mashine mpya ya mmol/L inaonyesha 14.2. Njia moja ni kugeuza kipimo: 14.2 mara 18 ni takriban 256. Toa 120, inabaki 136. Gawanya kwa 50, ni yuniti 2.7. Njia nyingine ni kugeuza maagizo: 50 inakuwa 2.8 na 120 inakuwa 6.7, 14.2 kutoa 6.7 ni 7.5, gawanya kwa 2.8, ni yuniti 2.7 tena. Njia zote mbili ni sahihi ilimradi namba zote ziwe upande mmoja. Anayegawanya 7.5 kwa 50 anapata 0.15, hajichomi chochote, na sukari inabaki juu. Anayegawanya 136 kwa 2.8 anapata karibu yuniti 49, na kipimo hicho kinaweza kuua. Kati ya njia hizo mbili, salama zaidi ni ya pili: maagizo yageuzwe mara moja tu, na daktari, yaandikwe upya kwa kizio cha mashine, na karatasi ya zamani iondolewe mfukoni.

Namba moja katika karatasi ya kliniki isiguswe na 18 kwa namna yoyote, nayo ni HbA1c, kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu. Huandikwa kwa asilimia au kwa mmol/mol, na kizio hicho cha pili kinawakanganya watu kwa kufanana na mmol/L. HbA1c ya asilimia 7 ni 53 mmol/mol, na hiyo 53 si sukari ya damu ya wakati wowote. Anayetaka kuilinganisha na namba za daftari lake huzidisha asilimia kwa 1.59 kisha akatoa 2.59, na jibu huja kwa mmol/L: asilimia 7 inatoa 8.5, ambayo ni takriban 154 mg/dL. Mgonjwa wetu mwenye wastani wa asubuhi wa 8.0 akikutwa na HbA1c ya asilimia 9, ambayo kwa hesabu hiyo ni 11.7 mmol/L, pengo hilo halitokani na vizio. Sababu moja inayotokea sana ni sukari inayopanda baada ya kula, saa ambazo yeye hapimi.